Timu ya roho na mkeka

"Wakuu, mbona nikiweka timu yangu mkeka unachanika kila wiki?"

Mkuu, hata mimi huku Mtwara yalinikuta. Nikachukua daftari, kabla ya mechi naandika timu yangu ina asilimia ngapi za kushinda, basi kila mara 80 tu, maana tukishinda nasema ni uwezo, tukifungwa refa katubania. Mechi 20 zikaisha, imeshinda 11, yaani 55. Odi zilikuwa 1.60 hivi, sasa gawa 100 kwa 1.60 unapata 62.5, yaani ukishinda asilimia hizo ndo unarudisha hela yako tu. Kwa buku kila mechi nimetoa 20,000 nikarudishiwa kama 17,600. Siku hizi nafunika majina ya timu, naangalia fomu na majeruhi, halafu naandika sababu tatu za kufungwa kabla sijaiona odi, namba inashuka yenyewe. Ikigoma kushuka mechi hiyo siigusi (mke wangu anasema bora niache zote).