Maswali ya wasomaji: rivyu si demo, na retro si kikao cha malalamiko

Shikamoo mwalimu. Naomba tofauti ya rivyu ya sprinti na retro kwa ufupi, kesho nina pepa.

Marahaba. Skramu ni utaratibu wa kutengeneza bidhaa kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, na hivi ni vikao viwili vya mwisho wa sprinti. Rivyu inakagua kilichojengwa, timu ikiwa pamoja na wadau, na matokeo yake huonekana kwenye bakilogi ya bidhaa, yaani orodha ya kazi zinazosubiri kufanywa. Retro inakagua namna timu ilivyofanya kazi, timu ikiwa peke yake, na matokeo yake huonekana kwenye utendaji wa sprinti ijayo. Rivyu hutangulia; retro ndiyo inayofunga sprinti. Swali hili hunijia kila msimu wa mitihani, na siku zote ni usiku wa kuamkia pepa.

Niliandika "rivyu ni demo ya kumwonyesha mteja kazi ili aikubali". Nimepata alama 2 kati ya 5. Nimeonewa?

Hujaonewa. Ningekuwa mimi ningekupa hizohizo.

Demo ni sehemu tu ya rivyu. Mwongozo wa Skramu wa Schwaber na Sutherland, toleo la Novemba 2020, unasema rivyu ni kikao cha kazi na unaitahadharisha timu isiishie kuwasilisha tu. Baada ya kuonyesha, timu na wadau wanatazama wamelikaribia lengo la bidhaa kiasi gani, nini kimebadilika huko nje tangu sprinti ianze, na kipi kifuate. Jibu lako limeishia pale ambapo mazungumzo yenyewe yalipaswa kuanza.

Kosa la pili, kubwa zaidi, ni hilo la "ili aikubali". Rivyu si lango la kupitishia kazi. Kazi iliyotimiza vigezo vya kukamilika inaweza kuwafikia watumiaji hata katikati ya sprinti, kabla siku ya rivyu haijafika. Mnaoandika habari ya mteja kusaini mnaiga miradi ya mikataba, ambako kila hatua hufungwa kwa sahihi, halafu mnaipachika jina la Skramu.

Na acheni slaidi zenye picha za skrini. Mpe mdau simu au kompyuta, aitumie mwenyewe, nawe unyamaze umtazame.

Kazi ambayo haikuisha inazungumzwa kwenye rivyu au kwenye retro?

Kwenye vyote viwili, ila kwa maswali tofauti. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tuseme timu inatengeneza mfumo wa miadi wa zahanati, na sprinti ni ya wiki mbili, yaani siku 10 za kazi. Wamechagua kazi nne: kuweka miadi, kufuta miadi, ukumbusho kwa SMS, na malipo kwa simu. Tatu za kwanza zimekamilika. Malipo yanafanya kazi kwenye kompyuta ya aliyeyaandika, lakini hayajapimwa wala hayajawekwa kwenye seva ya majaribio, na vigezo vya timu vinataka yote mawili.

Kwenye rivyu malipo hayaonyeshwi. Wanafunzi hupenda kuandika "tutaonyesha asilimia 80 iliyokamilika". Hakuna asilimia hapo: kazi isiyotimiza vigezo haionyeshwi kama sehemu ya bidhaa, na inarudi kwenye bakilogi. Timu inawaambia wadau hivyo bila kuzungusha, kisha inawaachia wajaribu zile tatu. Mhudumu wa mapokezi anajaribu kuwawekea miadi watoto wawili wa mama mmoja, na mfumo unamkatalia wa pili kwa sababu umejengwa kwa namba moja ya simu, mgonjwa mmoja. Hapo mwenye bidhaa, yule anayepanga kazi ipi itangulie kwenye bakilogi, anauliza: kati ya hili na malipo, lipi linawaumiza zaidi? Zahanati inajibu kwamba fedha taslimu wanapokea kila siku bila shida, lakini wazazi wenye watoto zaidi ya mmoja ni wengi. Basi "namba moja, wagonjwa wengi" inapanda juu ya bakilogi, na malipo yanashuka. Mpangilio huo mpya ndio faida ya rivyu. Kazi ambayo timu iliilalia macho imegundulika kuwa si ya haraka.

Wadau wakishaondoka, timu inakaa kwenye retro, na malipo yanarudi mezani. Safari hii haulizwi mtu kama malipo yanahitajika. Wanauliza kwa nini hayakuisha. Wanafuata tarehe: maombi ya kupata mazingira ya majaribio kutoka kampuni ya malipo yalitumwa siku ya 6, majibu yakaja siku ya 9, ikabaki siku moja ya kupima. Aliyeandika msimbo hakuwa mzembe, alikuwa anasubiri. Tatizo ni kwamba timu iliingiza kwenye sprinti kazi inayotegemea watu wa nje kabla ya kupata ruhusa yao. Uamuzi: kuanzia sasa, kazi ya namna hiyo haichaguliwi mpaka ruhusa iwe mkononi, na mtu mmoja anatajwa kuzifuatilia ruhusa hizo mapema.

Sasa geuza vikao uone uharibifu. Ukimwuliza mwenzako mbele ya zahanati kwa nini alichelewa, umemwaibisha na wadau hawajapata cha kuamua. Na ukisubiri retro ndipo ujadili kama malipo yashuke kwenye bakilogi, mhudumu wa mapokezi, ambaye ndiye mwenye jibu, ameshaondoka.

Mwenye bidhaa anaingia kwenye retro? Kitini chetu kinasema hapana.

Anaingia. Ni sehemu ya timu ya Skramu sawa na watengenezaji na skramu masta, yule anayeisaidia timu kuufuata utaratibu. Wanaobaki nje ni wadau. Kitini chenu kirekebishwe.

Sprinti ya wiki mbili: rivyu saa 2, retro saa 1 na nusu. Sahihi?

Mwongozo umetaja ukomo kwa sprinti ya mwezi mmoja: rivyu isizidi saa 4, retro isizidi saa 3. Kwa sprinti fupi zaidi unasema tu kwamba vikao kwa kawaida huwa vifupi. Kugawanya kwa mbili ni mazoea mazuri, ila usiyaandike kama sheria.

Kwenye ripoti ya mradi, chini ya retro, tuliandika "mawasiliano yaboreshwe". Msimamizi amelizungushia wino mwekundu.

Amefanya vyema. Nani ayaboreshe, lini, na mtajuaje kwamba yameboreka? Tafuta tukio lililowafanya mseme hivyo. Pengine wawili waliandika ukurasa uleule bila kujua. Basi andika: "Kabla ya kuanza kazi, mtu aweke jina lake kwenye ubao, sprinti ijayo tutaangalia kama kuna kazi iliyofanywa mara mbili." Hilo linapimika, na linaweza kuingizwa moja kwa moja kwenye bakilogi ya sprinti ijayo. Toleo la mwongozo la 2017 lilidai angalau boresho moja liingizwe humo; la 2020 limeliacha kuwa hiari. Wengi bado wanaandika la 2017, kwa hiyo taja toleo unalolifuata.

Tuko wanne tu, na msimamizi ndiye anayekaa kama mteja. Tunaweza kuviunganisha vikao viwili?

Hapana, na sababu ni huyohuyo msimamizi. Ndiye anayewapa alama. Hakuna atakayesema mbele yake kwamba mwenzao alipotea wiki nzima, wala kwamba wote walianza kazi siku tatu za mwisho. Fanyeni rivyu naye, mwandike aliyoyabadilisha kwenye bakilogi, mumshukuru, aende. Kisha fungeni mlango mfanye retro, na kwenye ripoti mpelekeeni maamuzi mliyofikia bila kutaja nani alisema nini.