Meneja amelishinda soko? Tuhesabu

Sisi ni kikundi cha akina mama wa Kiboriloni, Moshi. Meneja wa mfuko wa hisa anasema ametuletea alfa ya asilimia 2 kwa mwaka kwa miaka 5. Tumwamini?

Shikamooni mama zangu. Alfa anayoitaja ni ziada juu ya faharisi aliyoichagua kuwa kigezo. Kwenye jedwali mlilonitumia, ziada ya kila mwaka ni 4, kisha hasara ya 2, halafu 5, 1 na 2. Jumla ni 10, wastani ni 2. Hapo hajadanganya.

Sasa angalieni alivyoyumba. Chukueni umbali wa kila mwaka kutoka kwenye ule wastani wa 2, muuzidishe kwa wenyewe, kisha mjumlishe: mtapata 30. Gawanyeni kwa 4, yaani miaka ukitoa mmoja, mpate 7.5. Kipeuo chake cha pili ni kama 2.7. Hicho ndicho wanachokiita kosa la ufuatiliaji, jina baya kweli, maana hakuna aliyekosea.

Gawanyeni 2 kwa 2.7: uwiano wa taarifa ni 0.7 hivi. Ni mzuri, wataalamu hufurahia hata 0.5 ikidumu. Lakini zidisheni 0.7 kwa kipeuo cha pili cha miaka 5, mtapata 1.6. Tungetaka ifike 2 ndipo tuanze kuondoa shaka ya bahati. Kwa mwendo huohuo, anahitaji kama miaka 8.

Nimeona faharisi ya soko zima la Dar es Salaam ikitumika kumpima meneja anayenunua hisa za Tanzania tu. Kuna shida? (Njiro, Arusha)

Ipo, kaka. Faharisi hiyo inahesabu pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa kwetu. Hisa za Nairobi zikianguka, meneja wako anaonekana hodari bila kufanya lolote. Mpime kwa faharisi ya kampuni za ndani, TSI.

Kinachonikera zaidi ni gawio. Faharisi ikihesabu bei tu wakati mfuko unapokea gawio, kipimo kimepinda. Turudi Kiboriloni: tuseme gawio la hisa za faharisi ni asilimia 3 kila mwaka. Likiongezwa kwenye kigezo, ile ziada ya 2 inageuka hasara ya 1. Kuyumba kunabaki 2.7 ileile, kwa hiyo kosa la ufuatiliaji halitakushtua hata kidogo. Uwiano ndio unaoshuka hadi hasi 0.4. Kwa hiyo mama zangu, kabla ya hesabu yoyote, muulizeni meneja kama gawio limo kwenye kigezo chake.

Mfuko wangu una kosa la ufuatiliaji la 0.3 tu, na ada ni asilimia 2 kwa mwaka. Meneja ni mtulivu, sivyo?

Ananakili faharisi. Hata angekuwa na uwiano wa 1 kabla ya ada, jambo la nadra sana, angekuletea ziada ya 0.3 huku akikutoza 2.