Nikirudisha kompyuta nyuma, faili niliyofuta itarudi?

Ukianza kazi ya ufundi wa kompyuta, swali hili utaulizwa mpaka ulichoke. Jibu ni hapana, na mteja anahitaji kulisikia kabla hujagusa chochote. Hapa nazungumzia System Restore ya Windows 10 na 11, inayorudisha mfumo kwenye hali iliyohifadhiwa siku fulani, yaani pointi ya kurejesha.

Hiyo pointi ya kurejesha inahifadhi nini hasa?

Inahifadhi hali ya mfumo: faili za Windows, rejista yake, dreva na programu zilizokuwemo siku hiyo. Barua, picha na hesabu za mteja hazimo kwenye hesabu yake. Ndiyo maana kurudi nyuma hakufuti kazi ya wiki hii, wala hakuleti iliyofutwa wiki iliyopita.

Chukua mfano wa duka la steshenari. Jumatatu mwenye duka aliweka dreva mpya ya waifai, na Windows ikatengeneza pointi muda mfupi kabla. Jumanne akachapa barua kumi za wateja. Jumatano akafuta folda ya risiti bila kukusudia. Alhamisi akaweka programu ya mahesabu. Ijumaa amekuja kwako: waifai inakatika kila baada ya dakika chache, na anataka "irudi kama Jumatatu".

Ukirejesha pointi ya Jumatatu, dreva ya zamani inarudi na huenda waifai ikatulia. Barua za Jumanne zitabaki. Programu ya Alhamisi itaondoka, ingawa faili alizohifadhi nayo kwenye Documents hubaki. Ataiweka upya, kwa hiyo muulize kwanza kama ana namba ya leseni. Folda ya risiti haitarudi.

Basi folda hiyo tuifanyeje?

Ishughulikie kabla ya kurejesha. Faili ikifutwa, nafasi yake kwenye diski huhesabiwa kuwa wazi, na chochote kinachoandikwa baadaye kinaweza kuikalia. Kurejesha mfumo huandika vitu vingi sana. Ukianza na waifai, unaweza kuzika risiti za watu kwa mkono wako mwenyewe.

Tazama Recycle Bin kwanza, kisha OneDrive kama anaitumia. Halafu bofya kulia folda iliyokuwa na hiyo ya risiti, ingia Properties, kisha Previous Versions. Mara chache utakuta nakala humo. Ukiikuta, inakili kwenye flashi na ufungue faili moja moja uone kama zinasomeka, maana jina kuonekana kwenye orodha si hakikisho. Usimwahidi mteja kitu hapo.

Nitajuaje programu zipi zitaondoka?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike:

```
rstrui.exe
```

Chagua pointi iliyo karibu zaidi na tatizo lakini kabla yake, kisha bofya Scan for affected programs. Orodha ya juu ni vitakavyofutwa. Ya chini ni vinavyoweza kurudi, yaani vilivyoondolewa baada ya pointi, na hivyo wakati mwingine hurudi vikiwa vibovu. Mimi huisoma orodha hiyo pamoja na mteja, kwa sauti. Kama mteja anaandika skripti zake, mwambie azinakili pembeni: faili za `.bat` na `.exe` zinaweza kuguswa hata zikiwa kwenye folda zake.

Chomeka chaji, na kama ni ya mezani hakikisha ina UPS. Umeme ukikatika katikati, una kazi nyingine kubwa zaidi.

Ikiharibika zaidi?

Windows hutengeneza pointi nyingine kabla ya kuanza, kwa hiyo unafungua dirisha lilelile na kuchagua Undo System Restore. Ila ukirejesha ukiwa ndani ya Safe Mode, huna nafasi hiyo ya kutengua. Pia, kama mteja alibadilisha nywila ya Windows baada ya tarehe ya pointi, ya zamani inaweza kurudi. Muulize kama anaikumbuka.

Na virusi?

Usiitegemee. Faili zilizofungwa na virusi vya kudai fidia hazifunguki kwa njia hii, na vingi kati ya virusi hivyo hufuta pointi zenyewe mapema.

Mbona kwangu hakuna pointi hata moja?

Kwenye kompyuta nyingi kinga hii huja imezimwa. Andika Create a restore point kwenye Start, chagua diski C, bofya Configure, washa Turn on system protection, uipe nafasi, bofya OK, kisha bofya Create. Nafasi ikijaa, pointi za zamani hufutwa zenyewe. Windows 11 toleo 24H2, tangu sasisho la Juni 2025, huzitunza hadi siku 60 tu. Kwa hiyo tengeneza mpya kila unapotaka kubadilisha dreva, hata kama uliyotengeneza mwezi jana ipo bado.