Kutoa tarehe za kuhuisha kwenye kibali

"Nimeingiza tarehe ya mwisho ya kibali kwenye kalenda. Masharti mengine hayana tarehe, niyawekeje?"

Habari. Anza na maneno kama "kabla ya", "ndani ya" na "kila". Hapo ndipo tarehe zimejificha, na mara nyingi ziko kwenye viambatisho, si ukurasa wa kwanza.

Tuseme kibali kinaisha 30 Juni 2026, na ombi la kuhuisha liwasilishwe angalau siku 90 kabla. Siku ya mwisho ya kuomba ni 1 Aprili. Kama ombi linadai majibu ya maabara yasiyozidi siku 60, sampuli iliyochukuliwa na kupimwa mapema Januari haitafaa. Kwa hiyo kalenda inahitaji tukio la sampuli mwezi Februari. Hilo ndilo husahaulika.

Sharti la "ndani ya siku 7 baada ya ajali" halina tarehe kabisa. Liweke kwenye orodha ya pembeni, pamoja na jina la mhusika.

Kando ya kila tukio nakili namba ya kifungu na maneno yake yenyewe. Kibali kisipotaja kama ni siku za kazi au za kawaida, waulize waliokitoa, kwa maandishi.