Usitafute filamu kwa rangi ya picha

*Shikamoo mwalimu. Nipo Mikindani. Zamani niliona filamu nyeusi na nyeupe kwenye kibanda umiza. Mume anamfichia mkewe vitu, kisha anamwambia akili zimemruka. Usiku taa zinafifia zenyewe na juu ya dari kuna mtu anatembea. Mwanzoni yule mwanamke alikuwa akijifunza kuimba. Naandika `noir psychological drama thriller`, naletewa mamia ya filamu, hiyo haimo. Nakosea wapi?*

Marahaba. Filamu yako ni Gaslight ya mwaka 1944, iliyoongozwa na George Cukor. Mke ni Ingrid Bergman. Angalia mwaka kabla ya kupakua, maana Waingereza waliitengeneza kwa jina hilohilo mwaka 1940. Masomo ya uimbaji uliyoyakumbuka yamo katika hii ya Marekani.

Sasa kosa lenyewe, ambalo naletewa karibu kila wiki. Uliandika `noir` kwa sababu picha haikuwa na rangi. Neno hilo ni la Kifaransa, maana yake nyeusi, lakini weusi unaosemwa ni wa kisa. Mwaka 1946 filamu za Marekani zilizokuwa zimezuiwa wakati wa vita ziliingia Paris kwa mkupuo, na mhakiki Nino Frank akaziita hivyo zile za uhalifu. Ndani yake mtu hutumbukia shimoni kwa tamaa yake mwenyewe, na mji mzima umeoza. Waliozitengeneza hawakuwa na jina hilo. Kwao zilikuwa melodrama tu. Kwa kuwa lebo ilibandikwa baadaye, kila anayepanga filamu huchora mpaka wake. Yako iko mpakani kabisa. Vivuli anavyo mpiga picha, na miaka ni ileile, ila kisa ni cha London ya karne ya 19 na mke hana kosa lolote. Mmoja ataiweka humo, mwingine ataitoa. Lebo ya namna hiyo haifai kuanzia msako.

Hizo nyingine mbili zinatenganishwa kwa swali moja: hatari ina mwenyewe? Katika drama ya kisaikolojia tatizo linaishi ndani ya mtu, kama majonzi, hatia au ugonjwa wa akili. Hakuna adui anayevizia, na tunakaa na mhusika kuona atafika wapi. Katika filamu ya taharuki, ndiyo `thriller`, kuna anayetaka kitu, nasi tunaona mtego ukikaza. Chukua kisa chako. Mume anatafuta vito vya shangazi wa mkewe, aliyeuawa. Kila usiku hupanda darini kuvisaka, na akiwasha taa ya gesi kule juu, zile za chini hufifia. Mke si mgonjwa. Anafanywa ajione mgonjwa. Kwa hiyo ni taharuki, tena ya kisaikolojia, kwa sababu silaha ni akili ya mke.

Ukirundika lebo unaumia pande zote mbili. Kwenye kisanduku cha kuandika, maneno mengi huweza kuvuta kila filamu yenye hata moja kati yake, ndiyo hayo mamia. Kwenye tovuti zenye vichujio vya kuweka tiki, mara nyingi filamu lazima itimize vyote, basi lebo moja isiyo yake inaitupa nje. Shika lebo moja unayoweza kuitetea, ongeza muongo, kisha tukio ambalo filamu nyingine haina:

```
1940s thriller husband wife sanity lamps dim attic
```

Kinachofanya kazi zaidi hapo ni taa na dari.

Wanaonikasirisha ni wanaouza lebo. Msimu mmoja wa korosho nilimwona kijana kutoka Masasi aliyekuwa amelipia filamu 12 kwenye flashi, zote zikiitwa `psychological`. Tulizifungua moja moja. Tisa zilikuwa za majambazi na bunduki. Muuzaji aliona muuaji anacheka peke yake, akahitimisha kwamba hiyo ni saikolojia. Siku hizi wanabandika hivyo hata kwenye filamu za mazimwi, kwa kuwa neno linasikika la kisomi, na bando la mtu linaishia hapo. Kichaa mwenye kisu hafanyi filamu kuwa ya kisaikolojia. Giza la usiku nalo haliifanyi `noir`.

Kabla hujatoa hela, Mikindani au mjini Mtwara, mwulize muuzaji filamu ni ya mwaka gani na nani ndani yake anataka nini. Akikujibu tu "hii kali sana", chomoa flashi yako.