Ada ya kuchelewa kulipa kadi ya mkopo: barua ya kuomba usamehewe

Niliwahi kukaa dawati la kadi benki kwa miaka kadhaa hapa Kusini, na barua za aina hii zilipita mikononi mwangu kila mwezi. Nyingi zilizokataliwa zilikuwa na madai ya haki kabisa, ila hazikuandikwa vizuri. Ndiyo maana wiki hii nimeweka pamoja maswali ya kadi ya mkopo.

Shikamoo mama. Nina duka Mtwara mjini. Kadi ilitakiwa ilipwe tarehe 25, mimi nikalipa 28 kwa kuwa nilikuwa Ndanda namuuguza mama. Wamenikata 25,000. Sijawahi kuchelewa. Niandike nini?

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kabla hujashika kalamu, hakikisha kadi haidaiwi kitu kilichopita tarehe yake. Hata hiyo 25,000 usiizuie ukisubiri jibu. Ukiizuia, taarifa ya mwezi ujao itaihesabu ndani ya kiwango cha chini unachotakiwa kulipa, utalipa pungufu na utakatwa ada nyingine. Hapo hutakuwa tena mteja aliyechelewa mara moja. Lipa, kisha omba urudishiwe kwenye kadi.

Jua pia nani anasoma. Meneja wa tawi mara nyingi hana uwezo wa kufuta ada ya kadi, anaipeleka barua kitengo cha kadi makao makuu. Huyo wa makao makuu hakujui. Anafungua historia yako kwenye kompyuta na kutazama mambo matatu: umechelewa mara ngapi, umechelewa siku ngapi, na sasa unadaiwa nini. Mpe hayo matatu aya ya kwanza, ayathibitishe kwa dakika moja. Barua yako iwe hivi:

*Meneja wa Tawi,*
*2 Aprili 2025*

*YAH: OMBI LA KUREJESHEWA ADA YA KUCHELEWA KULIPA, KADI INAYOISHIA NA 4471*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Malipo ya kadi yangu yalitakiwa kufanyika tarehe 25 Machi 2025. Nililipa deni lote tarehe 28 Machi, siku tatu baadaye, na nikakatwa ada ya Sh 25,000. Tangu nipewe kadi hii sijawahi kuchelewa, na leo sidaiwi malipo yoyote yaliyopitiliza.*

*Nilichelewa kwa sababu nilikuwa Ndanda nikimuuguza mzazi aliyelazwa. Nakiri tarehe ilinipita.*

*Naomba nirejeshewe ada hiyo, pamoja na kodi na riba iliyotokana na ucheleweshaji huo, kwenye kadi yangu. Ili lisijirudie, naomba pia kiwango cha chini kiwe kinakatwa chenyewe kila mwezi kutoka akaunti yangu ya biashara.*

*Naambatanisha taarifa ya kadi na risiti ya malipo.*

Malizia kwa jina, saini na namba ya simu iliyosajiliwa benki. Umeona sababu imechukua sentensi moja? Inatosha. Nimesoma barua za kurasa tatu zenye ugonjwa, msiba na ada ya shule, na msomaji akafika mwisho bila kujua mtu anaomba shilingi ngapi. Neno "nakiri" usiliondoe. Kusamehewa ada ni hiari ya benki, maana mkataba uliousaini unawaruhusu kukata. Anayeandika "mmeniibia" anageuza ombi kuwa ugomvi, na wa makao makuu anajibu kwa kifungu cha mkataba.

Andika tarakimu nne za mwisho za kadi tu. Namba ya siri na zile tarakimu tatu za nyuma hazihitajiki kamwe, na akikupigia mtu kuziomba "ili akurudishie ada", kata simu. Chapa nakala mbili. Moja igongewe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.

Mimi ni mwalimu, Nachingwea. Nililipa kwa simu Jumamosi, siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Bado nimekatwa ada. Na mimi niombe msamaha?

Subiri kwanza, Mwalimu. Fungua ule ujumbe wa muamala uone pesa ilikwenda namba gani. Kosa ninalolijua zaidi ni hili: mtu anatuma kwenda akaunti yake ya akiba akidhani amelipa kadi. Pesa inafika salama, inakaa kwenye akiba, na kadi inabaki inadaiwa. Kama ndivyo, andika ombi kama la mwenye duka hapo juu, uambatanishe ujumbe huo. Unaonyesha nia ya kulipa ilikuwepo kabla ya tarehe, na hilo lina uzito.

Lakini kama ilikwenda moja kwa moja kwenye kadi, na benki ndiyo iliyoiingiza Jumatatu, soma masharti ya kadi yanasemaje kuhusu malipo ya wikiendi. Yasipokubana, hapo huombi msamaha, unalalamika. Kichwa kiwe "MALALAMIKO", na utaje namba ya muamala, siku na saa. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu malalamiko yasiyotatuliwa na benki unaweza kuyapeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mtwara, ukiwa na ile nakala yenye mhuri. Ombi la hisani halina pa kukatiwa rufaa.

Nipo Newala. Nilitegemea pesa ya korosho, malipo ya mnada yakachelewa. Niseme hivyo?

Sema, kwa sentensi moja, na taja tarehe pesa ilipoingia kwenye akaunti yako. Kama ni akaunti ya benki hiyo hiyo wataiona wenyewe. Usiseme mtandao ulikuwa chini kama haukuwa, maana kumbukumbu za benki zinaonyesha kama ulijaribu kulipa. Ila ombi hili halitafanya kazi msimu ujao. Uliza sasa kama wanaweza kukubadilishia tarehe ya kulipa, na usiiache kadi ingojee mnada.

Nimerudishiwa ada, lakini kuna riba 22,080 imebaki. Huwa nalipa deni lote, sijawahi kuona riba. Imetoka wapi? (Lindi mjini)

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa bila kujua, dada yangu. Ada ni kwa kuchelewa. Riba ni jambo jingine. Muda usio na riba unapewa kwa sharti kwamba umalize deni lote kabla ya tarehe. Ukipitisha hata siku moja, benki nyingi zinarudi nyuma na kuhesabu riba tangu siku ya manunuzi, si tangu siku uliyochelewa.

Kwenye taarifa uliyonitumia kuna friza ya 480,000, uliyoinunua tarehe 10 Februari na kuilipia 28 Machi. Hizo ni siku 46. Riba yako ni asilimia 3 kwa mwezi, yaani karibu asilimia 0.1 kwa siku, sawa na shilingi 480. Zidisha kwa 46, unapata 22,080 kamili. Hesabu yao ni sahihi, ila wewe uliomba ada tu, nao wakarudisha ulichoomba. Andika barua fupi ya pili, utaje ya kwanza na tarehe yake, uombe riba ya kipindi hicho. Wakati mwingine wanarudisha yote, wakati mwingine nusu.

Wamenipigia wakasema "tumeshasamehe", taarifa mpya imetoka, ada bado ipo. Nilipe?

Lipa kiwango cha chini kama kilivyoandikwa, na kabla ya tarehe. Kisha wapigie, omba namba ya kumbukumbu ya marejesho na siku yatakayoonekana. Taarifa ya mwezi unaofuata tafuta mstari wenye kiasi kile kile cha ada kikiwa kimeingia, si kimetoka. Usipouona, rudi tawini na nakala yako yenye mhuri.