Tungeni shanga kwanza, ndipo mhesabu

Nilitumia shanga kufundisha kubalansi milinganyo ya kemia kama ulivyoshauri. Nusu ya darasa wamebalansi maji kwa kuandika H₂O₂. Sasa shanga zimesaidia nini? (Mwalimu, Mbagala)

Shanga uliwapa zikiwa zimetungwa, au uliwamwagia mezani? Jibu nalijua. Mtoto ukimmwagia shanga nyeupe na nyekundu halafu ukamwambia asawazishe, ataongeza nyekundu moja pale inapopungua, na kwake kazi imekwisha. H₂O₂ ni jibu zuri tu, hesabu imekaa. Nimelisema hili hapa mpaka nimechoka: shanga ambazo hazijatungwa zinafundisha kuhesabu, na kuhesabu walishajua tangu shule ya msingi.

Nunua uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ukate vipande vya kama sentimita 10. Nyeupe mbili kwenye uzi mmoja, funga fundo: hiyo ni H₂. Nyekundu mbili, fundo: O₂. Sheria ya darasa iwe moja tu. Huruhusiwi kuongeza wala kupunguza shanga ndani ya uzi uliofungwa ili hesabu yako ikae. Ukitaka zaidi, unachukua uzi mzima mwingine.

Halafu lipe kila kundi uzi mmoja wa H₂ na mmoja wa O₂. Waambie wafungue zote mbili, kwa kuwa mmenyuko ndiyo ruhusa pekee ya kufungua fundo, kisha watunge maji: nyeupe, nyekundu, nyeupe. Watapata molekuli moja ya maji na shanga moja nyekundu itabaki mezani. Hapo nyamaza. Walimu wengi wanaharibu somo kwa kukimbilia kusema. Mmoja ataificha ile shanga chini ya daftari. Mwingine atataka kuitunga kwenye maji, na huyo ndiye unayemsubiri. Mwache aitunge, kisha mwambie alichokitengeneza kinauzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda, kile kinachotoa povu, na saluni wanakitumia kupausha nywele. Wala si cha kunywa. Shanga moja imeongezeka na kitu kimekuwa kingine kabisa.

Sasa ile nyekundu iliyobaki itakwenda wapi? Kutupa hairuhusiwi, atomu haipotei. Njia ni moja: waje kwako waombe H₂ nyingine, uzi mzima. Wanaifungua, wanatunga maji ya pili, meza inakuwa safi. Waulize wametumia nyuzi ngapi za kila aina, na hapo ndipo uandike ubaoni, si kabla:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Namba kubwa ya mbele ni idadi ya nyuzi. Namba ndogo ya chini ni idadi ya shanga ndani ya uzi. Ya mbele ni yako kuibadilisha, ya chini huigusi. Anayeondoka darasani na hilo peke yake amepata somo.

Naomba majibu ya maswali haya 15 ya kubalansi, nayahitaji kesho asubuhi. (Hakujitambulisha)

Hapana.

Shikamoo mwalimu. Kwenye 2H₂ + O₂ → 2H₂O, kushoto nina molekuli tatu na kulia mbili, lakini mwalimu wetu anasema imebalansi. Inakuwaje? (Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Tabata)

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi. Wewe umehesabu nyuzi, hesabu shanga. Kushoto kuna nyeupe nne na nyekundu mbili. Kulia, kwenye molekuli mbili za maji, kuna nyeupe nne na nyekundu mbili. Kinachotakiwa kulingana ni atomu za kila elementi. Molekuli zinaweza kupungua au kuongezeka, hakuna anayezidai. Tazama amonia: N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Nyuzi nne zimekuwa mbili, na shanga ni nane huku na nane kule.

Hata uzito unakubali. Chukua hidrojeni kuwa 1 na oksijeni kuwa 16. Kushoto kwenye maji una 4 na 32, jumla 36. Kulia kila molekuli ya maji ni 18, na ziko mbili. Ila usiende kupima shanga zenyewe kwenye mizani ukidhani utapata hivyo. Shanga nyekundu haina uzito mara kumi na sita wa nyeupe.

Binti yangu kaambiwa apeleke shanga shuleni. Shanga za nini tena? (Mama, Temeke)

Za kemia, dada yangu. Tulia. Na walimu, andikeni kabarua ka mistari miwili kwa wazazi kabla ya kuagiza shanga, maana mji huu tunaujua, na neno hilo likifika nyumbani bila maelezo linazua kikao. Wavulana nao watacheka dakika za mwanzo. Waache wacheke, kisha wape nyuzi za kukata.

Wanafunzi wangu wanabahatisha namba mpaka kengele inalia. Waanze na elementi ipi? (Mwalimu, Kigamboni)

Waanze na elementi inayopatikana kwenye uzi wa aina moja tu kila upande, wamalizie na ile iliyosimama peke yake. Katika kuungua kwa gesi, anayesimama peke yake ni oksijeni, kwa hiyo oksijeni ni ya mwisho. Sababu ni hii: ukiongeza uzi wa O₂ hakuna elementi nyingine inayoguswa, lakini ukiongeza uzi wa maji umegusa hidrojeni na oksijeni kwa pamoja.

Chukua methani, maana ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songosongo inayochomwa Ubungo kuzalisha umeme. Tunga CH₄: nyeusi moja na nyeupe nne, uifunge iwe kichane, kwani kwenye mstari haikai vizuri. Tunga na CO₂, nyeusi katikati ya nyekundu mbili. Weka karatasi mezani yenye mstari katikati. Kushoto weka uzi mmoja wa CH₄ na mmoja wa O₂. Kulia weka CO₂ moja na maji moja. Hatua hii hamfungui fundo lolote. Mna seti mbili za shanga, moja kila upande, na mnaongeza nyuzi tu.

Kaboni: nyeusi moja kushoto, nyeusi moja kulia. Imetulia. Hidrojeni: kushoto nyeupe nne, na uzi wa maji unabeba mbili, kwa hiyo ongeza uzi wa pili wa maji. Oksijeni sasa: kulia CO₂ ina mbili na maji mawili yana mbili, jumla nne. Uzi wa O₂ unabeba mbili, kwa hiyo ziwe nyuzi mbili. CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Shanga tisa kila upande, na hakuna uliporudi nyuma.

Mwanafunzi akianza na oksijeni, ataona tatu kulia na mbili kushoto, ataongeza O₂, kisha ataongeza maji ili zifike nne. Hapo imejibalansi yenyewe na yeye ataamini njia yake ni nzuri. Mpe propani, C₃H₈, iliyomo kwenye mitungi ya kupikia, ndipo utakapomwona anazunguka. Kwa utaratibu niliosema inatoka C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O, shanga 21 kila upande.

Hujauliza, lakini nitasema. Ukibakiwa na dakika tano, punguza nyuzi za O₂ mezani kwa makusudi. Waulize nyeusi itafanya nini ikipata nyekundu moja badala ya mbili. Hiyo ni CO, hewa isiyo na harufu, inayotoka kwenye jiko la mkaa lililowekwa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Inaua watu usingizini. Waiandike: 2C + O₂ → 2CO.

Kwenye kuungua kwa ethani nimepata molekuli tatu na nusu za oksijeni. Nikate shanga? (Mwanafunzi, Kimara)

Usikate kitu. Hesabu yako ni nzuri: C₂H₆ moja inatoa CO₂ mbili na maji matatu, kulia nyekundu ni saba, na O₂ inabeba mbili mbili. Nusu ya uzi wa O₂ ni shanga moja peke yake, na oksijeni tunayoivuta haitembei hivyo. Basi rudufisha kila uzi ulioko mezani, pande zote mbili, bila kuruka hata mmoja: 2C₂H₆ + 7O₂ → 4CO₂ + 6H₂O. Kosa la kawaida ni kurudufisha nyuzi nyingine zote na kuiacha ethani moja, na utaligundua upesi kwa sababu nyeusi zitakuwa mbili huku na nne kule.

Rangi zina utaratibu, au yoyote twende? (Mwalimu wa kujitolea, Gongo la Mboto)

Hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, kaboni nyeusi, naitrojeni buluu, klorini kijani. Mkemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann alitumia rangi hizi London mwaka 1865 kwa mipira ya mbao, na mpaka leo ndizo zilizo kwenye modeli nyingi. Ila kuna watoto, wavulana zaidi, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo klorini iwe pia shanga kubwa kuliko nyingine. Kwa maji, methani na amonia kila kundi linahitaji nyeupe 12, nyekundu 8, buluu 4 na nyeusi 2. Kariakoo utazipata kwa bei ya kawaida. Mwenye duka akikuuzia zenye tundu dogo uzi haupiti mara ya pili, jaribu kabla hujalipa.

Naweza kutumia shanga kwa magnesi inavyoungua, na kwa chumvi? (Mwalimu mwanagenzi, Ukonga)

Kwa kuhesabu, ndiyo: 2Mg + O₂ → 2MgO, na magnesi ni shanga moja isiyo na mwenza. Lakini ukitunga MgO kama jozi, umewafundisha kwamba ndani ya ule unga mweupe kuna jozi zinazotembea pamoja. Hazipo. Kwenye fuwele yake kila magnesi imezungukwa na oksijeni sita, na kila oksijeni na magnesi sita, na fomula inakwambia uwiano tu. Chumvi ya mezani ni vivyo hivyo. Kwa hiyo nyuzi za somo la kwanza ziwe za gesi na maji. Ukifika kwenye magnesi, laza shanga mezani zikiwa zimepangwa kwa safu, moja ya magnesi kisha moja ya oksijeni, bila uzi.

Halafu shanga zisikae mezani muhula mzima. Kipindi kinachofuata wachore viduara daftarini, kingine wabaki na jedwali la hesabu tu, maana chumba cha mtihani hakuna atakayeruhusiwa kuingia na shanga. Na mtihani huo utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Kiingereza wapeni baada ya ile shanga nyekundu kubaki mezani. Ukiyatanguliza, watakariri.